Majina ya waliohama vita hayalindwi na neno la siri la kiwandani

KAPALATA, KISANGANI. Familia inapofika kuandikishwa kwenye ofisi ya shirika, jambo la kwanza inalotoa ni majina. Jina la baba, la mama, la kila mtoto na umri wake, kijiji walikotoka, nyumba wanakolala sasa, namba ya simu kama ipo. Kadi ya mpiga kura inawekwa juu ya kioo cha mashine, taa inapita, kadi inarudishwa. Mzee mmoja anaweza kuuliza: "Mama, hiyo picha ya kadi yangu inabaki wapi?" Na ajenti atamjibu kwa adabu: "Papa, inaingia ndani ya mashine tu, inalindwa."

Ajenti hadanganyi. Anaamini anachosema. Lakini katika ofisi nyingi hakuna aliyewahi kumwonyesha mashine hiyo inalindwa na nini, na mara nyingi jibu ni hili: inalindwa na neno la siri ambalo kiwanda kililiweka, ambalo limeandikwa katika kitabu cha maelekezo cha kila mashine ya aina hiyo duniani.

Hoja ya makala hii ni nyepesi kutamka na ngumu kutekeleza. Ofisi isianze kuandika majina ya watu waliokimbia kabla haijabadilisha maneno ya siri ya kiwandani kwenye printa yake na kwenye sanduku lake la kutunzia faili. Si baada ya mradi kuanza, si fundi atakaporudi kutoka Kinshasa. Kabla.

Tangu mwaka 2023 mzozo wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umefukuza maelfu ya watu makwao, katika komini ya Lubunga ng'ambo ya mto na katika vijiji vya jirani. Wengi walivuka kuja huku, wakalala kwenye vituo vya muda au kwa ndugu. Kwa watu hao, karatasi inayosema wewe ni nani, kabila lako ni lipi na usiku unalala wapi si karatasi ya kawaida. Hata kama hakuna anayeitafuta kwa nia ya kuua, wapo wanaoitaka kwa sababu ndogo zaidi: kujua nani amepewa msaada, kuongeza jina la shemeji, kufuta jina la jirani.

Sasa tuangalie tatizo linavyozaliwa, maana halizaliwi kwa ubaya wa mtu. Printa ya ofisi, au emprimanti kama wengi wanavyoiita hapa, ni kompyuta ndogo. Ina ukurasa wake wa kuiongoza, na ukurasa huo unafunguka kwenye simu au kompyuta yoyote iliyo kwenye mtandao mmoja nayo. Unaandika anwani yake, kwa mfano `http://192.168.1.50`, na inakuja. Ili kubadilisha mipangilio unaulizwa jina la kuingilia na neno la siri. Kiwanda huweka yake ili fundi aweze kuanza kazi. Kwenye mashine nyingi za Ricoh jina ni `admin` na neno la siri halipo kabisa. Kwenye Xerox nyingi za zamani ni `admin` na `1111`. Kwenye Canon nyingi ni `7654321`, mara mbili. Hizi si siri zinazofichuliwa hapa. Zimo kwenye vitabu vya viwanda vyenyewe, na mtoto wa sekondari anazipata kwa dakika moja.

Mtego uko hapa: printa inachapisha vizuri bila kubadilisha chochote. Inatolewa kwenye katoni, inapewa umeme, waya wa mtandao unachomekwa, karatasi inatoka, watu wanapiga makofi, fundi anasaini na kuondoka na pikipiki. Kazi ya pili, ile ya kuingia kwenye ukurasa wa uongozi na kuweka mambo sawa, haionekani kwa macho, kwa hiyo haina anayeidai wala anayeilipa. Sanduku la diski nalo ni hivyo. Wengi hulitaja tu kama "seva": kile kisanduku cheusi chenye taa mbili au nne za kijani, kimewekwa juu ya kabati, ambacho faili zote za ofisi zinaingia. Kikionekana kwenye kompyuta ya mkuu wa ofisi, basi kimewekwa.

Mtu atasema: nani atakuja kutoka Ulaya kuingia kwenye printa ya Kapalata? Swali ni zuri, na jibu lake linawashangaza wengi. Kwa kawaida, hakuna. Ofisi inayotumia modemu ya kampuni ya simu haionekani moja kwa moja kutoka nje, kwa sababu kampuni huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Kwa ofisi ya namna hiyo mdukuzi wa mbali anayesimuliwa kwenye filamu si tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza liko kwenye baraza.

Neno la siri la waifai limebandikwa ukutani karibu na mlango, au limepewa madereva, walinzi, wanafunzi wa mafunzo ya kazi, delege wa kituo, mgeni wa warsha ya mwezi wa tatu. Hakuna anayelibadilisha kwa sababu kila mtu atalalamika. Na katika ofisi ndogo waifai ya wageni na waya wa printa vinaishia kwenye kisanduku kimoja cha mtandao, rezo moja. Maana yake aliyekaa chini ya mwembe na simu yake ya Tecno yuko ndani ya nyumba, kimtandao, bila kuvuka mlango. Ulinzi wote uliobaki kati yake na majina ya watoto ni `admin` na neno la kiwandani.

Tuchukue ofisi moja ya mfano, si ya mtu fulani, ila wengi watajikuta ndani yake. Ina printa kubwa inayochapisha, kunakili na kuskani. Ina sanduku la diski. Ajenti anaweka fomu ya familia juu ya kioo, anabonyeza kitufe chenye jina "SCAN FAMILLES", na sekunde chache baadaye faili iko ndani ya sanduku. Watu wanaona karatasi na faili. Kilichopo katikati hawakioni, nacho ndicho kiini cha jambo lote.

Ili printa iweze kuweka faili kwenye sanduku, lazima ijitambulishe. Kwa hiyo ndani ya kitabu cha anwani cha printa mtu aliandika mambo matatu: anwani ya sanduku, jina la kuingilia, na neno la siri. Na fundi aliyekuwa na haraka aliandika jina gani? Lile alilokuwa nalo mkononi: `admin` wa sanduku. Yaani printa iliyo ukumbini, ambayo kila mtu anaigusa, imebeba ufunguo mkuu wa kabati lote. Sio ufunguo wa droo moja. Wa kabati lote: mishahara, barua, ripoti za ubakaji kama ofisi inashughulikia kesi hizo, na orodha.

Neno hilo la siri halionekani kwenye ukurasa wa printa. Linaonyeshwa kwa vinukta. Watu wanatulia wakiona vinukta. Lakini mwenye kuingia kama msimamizi hahitaji kulisoma. Anaweza kubadilisha anwani ya kule printa inakopeleka faili, akaweka anwani ya kompyuta yake mwenyewe, kisha printa, ikiwa mtiifu, inakwenda kujitambulisha kwake. Hila hii si ngeni. Mwezi wa pili mwaka 2025 kampuni ya usalama ya Rapid7 ilieleza udhaifu wa namna hiyo kwenye printa za Xerox VersaLink, na Xerox ilitoa marekebisho. Hata hivyo ushauri mmoja ulikuwa wa kale: weka neno la siri gumu la msimamizi, na usitumie akaunti yenye nguvu kwenye printa.

Kwa hiyo anayesema "hii ni printa tu, ina nini cha kuibwa?" ameuliza kuhusu karatasi, wakati mashine imeshika ufunguo.

Kuna maelezo mengine yanayofaa kutajwa, kwa sababu ndiyo chanzo cha matatizo mengi. Printa ya zamani na sanduku jipya mara nyingi hazielewani. Printa inazungumza lugha ya zamani ya kushirikisha faili, inayoandikwa `SMB1`, na sanduku jipya limeifunga kwa sababu ya usalama. Skani inakataa. Mkuu wa ofisi anafoka, wafadhili wanasubiri orodha kesho saa mbili asubuhi. Fundi, akiwa ametoka jasho, anafungua kila kitu: anarudisha lugha ya zamani, na kwenye folda anampa haki `guest`, mgeni asiye na neno la siri, kusoma na kuandika. Skani inapita. Saa nne usiku, kila mtu anashukuru. Na folda inabaki wazi miaka mitatu. Fundi huyo hastahili kutukanwa. Anastahili kurudishwa kesho yake na kulipwa saa tatu za kumaliza kazi.

Saa hizo tatu zinatumikaje? Kwanza, mpangilio wa hatua. Wengi huanza na printa kwa sababu iko karibu. Ni vizuri kuanza na sanduku, kwa sababu ndiko mali iliko.

Kwenye sanduku, anatengenezwa msimamizi mpya mwenye jina ambalo mtu hawezi kulikisia, na neno la siri refu: maneno manne au matano yasiyohusiana, ambayo mkuu wa ofisi anaweza kuyasoma kwenye karatasi bila kukosea. Unatoka, unaingia tena kwa jina hilo jipya kuhakikisha linafanya kazi. Ndipo ule `admin` wa kiwandani unapozimwa. Ukizima kabla ya kujaribu, unaweza kujifungia nje, na ndiyo hadithi inayowafanya mafundi waogope kazi hii. Halafu unafungua orodha ya folda za kushirikiana, moja baada ya nyingine, ukiuliza nani ana haki. Popote panapoonekana `guest` au `Everyone`, panafungwa. Folda inayoitwa `Public` itazamwe kwa makini; masanduku mengi huja nayo, na watu huitupia chochote.

Baadaye unatengeneza akaunti ya tatu, ndogo kabisa, kwa ajili ya printa peke yake. Iitwe `skani` au vyovyote. Akaunti hii inaona folda moja tu, mfano `ARRIVEE`, na si nyingine yoyote. Kila jioni ajenti mwenye dhamana anahamisha fomu za siku kutoka `ARRIVEE` kwenda folda ya familia, ambayo printa haiioni. Hii inaongeza kazi ya dakika tano kila siku. Lakini siku printa ikitekwa, kinachopotea ni fomu za siku moja, si za miaka mitatu.

Sasa ndiyo zamu ya printa. Ili kujua anwani yake, chapisha ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye vitufe vyake; anwani imeandikwa pale. Ingia, badilisha neno la siri la msimamizi. Printa nyingine za zamani hazikubali zaidi ya herufi nane, au zinataka tarakimu tu. Basi zijaze zote, na zisiwe tarehe ya kuzaliwa wala mwaka wa shirika. Kisha ingia kwenye kitabu cha anwani, futa ule `admin` wa sanduku, weka `skani`. Futa pia barua pepe za watu walioondoka kazini, maana kuna ofisi ambazo fomu bado zinakwenda kwa mtu aliyehamia Goma au Bukavu.

Hapa kuna kizuizi kinachowaangusha wengi. Kati ya dakika ulipobadilisha neno la siri la sanduku na dakika ulipobadilisha kwenye printa, mtu anaskani. Printa inapeleka neno la zamani, sanduku linakataa. Anajaribu tena, na tena. Masanduku mengi, yakiona majaribio mengi yasiyo sahihi kutoka anwani moja, huifungia anwani hiyo nje. Baadaye fundi anaweka neno jipya sahihi kwenye printa, na bado inakataa! Anadhani amekosea, anarudisha `admin` wa zamani, na kazi yote inaharibika. Dawa ni kuangalia orodha ya anwani zilizofungiwa kwenye sanduku na kuitoa ile ya printa. Na kuwaambia watu wasiskani saa hiyo, kwa karatasi iliyobandikwa juu ya kioo.

Umeme nao una neno lake. SNEL ikikata na kurudi, printa iliyoachwa ijichagulie anwani inaweza kuamka na nyingine. Watu wanasema imeharibika, mtu anabonyeza vitufe hadi inarudi hali ya kiwandani, na neno la siri la zamani linarudi nayo kimyakimya. Kwa hiyo printa na sanduku wapewe anwani isiyobadilika. Na saa ya sanduku iangaliwe: sanduku ambalo betri yake ndogo imekufa na halina njia ya kuuliza saa mtandaoni linaweza kuamka likidhani tuko mwaka mwingine, na kumbukumbu ya nani aliingia lini inakuwa haina maana.

Utajuaje kwamba imefanyika? Usiulize fundi "umemaliza?" Chukua simu, ingia kwenye waifai ileile ya wageni, fungua anwani ya printa, jaribu jina na neno la kiwandani. Lazima likatae. Fungua anwani ya sanduku, jaribu hivyo hivyo. Kwenye kompyuta, jaribu kufungua folda bila jina lolote. Kisha ingia kama `skani` uone folda ngapi zinajitokeza: ikiwa ni zaidi ya moja, kazi haijaisha. Mwisho skani ukurasa mmoja mweupe, uone umefika `ARRIVEE`. Jaribio zima halimalizi robo saa, na mkuu wa ofisi asiyejua kompyuta anaweza kulisimamia akiwa amesimama nyuma ya bega la mtu.

Wapo watakaosema mashine zao ni mpya na kila moja ina neno lake la siri kwenye lebo ya nyuma, hivyo hakuna haja. Kweli, ni bora kuliko `1111`. Uingereza imepiga marufuku tangu tarehe 29 Aprili 2024 kuuza vifaa vya nyumbani vya mtandao vyenye neno moja la siri la kiwandani rahisi kukisia, na viwanda vimeanza kubadilika. Lakini lebo haitoshi. Mwezi wa sita mwaka 2025 Rapid7 haohao walitangaza kwamba neno la siri la kiwandani la printa za Brother, mamia ya modeli, lilitengenezwa kwa hesabu kutoka namba ya mashine, na namba hiyo mtu aliye kwenye mtandao aliweza kuipata. Akiijua namba, anapiga hesabu, anapata neno. Brother walisema udhaifu huo hauwezi kurekebishwa kikamilifu kwa programu kwenye mashine zilizokwishatengenezwa. Mwenye mashine abadilishe neno mwenyewe. Masanduku ya QNAP yalikuwa na `admin` na `admin` kwa miaka mingi. Baadaye kiwanda kikaweka anwani ya MAC ya mashine kuwa neno la siri la kuanzia. Ni hatua mbele, ila anwani ya MAC huonekana na kila kifaa kilicho kwenye rezo moja. Mtu wa chini ya mwembe anaiona.

Hoja nzito zaidi inatoka kwa mafundi wenyewe, nayo inastahili kusikilizwa. Wanasema: "Papa, tukibadilisha, nikisafiri hakuna atakayeweza kutengeneza. Ofisi itasimama." Ni kweli kwamba ofisi nyingi zimewahi kufungiwa nje na fundi aliyeondoka na neno la siri kichwani, wakati mwingine baada ya kugombana juu ya malipo. Ila dawa ya hilo si kuacha mlango wazi kwa mji mzima. Dawa ni bahasha. Maneno ya siri yanaandikwa kwa mkono, yanatiwa kwenye bahasha, inafungwa, mkuu wa ofisi na mhasibu wanasaini juu ya gundi, inawekwa kwenye sanduku la chuma la fedha. Fundi akihitaji, inafunguliwa mbele ya wawili, na jioni maneno yanabadilishwa. Fundi mwenyewe analindwa: orodha ikivuja, hataambiwa ni yeye peke yake aliyekuwa na ufunguo.

Na hata bahasha ikipotea, si mwisho wa dunia. Masanduku mengi yana kitundu nyuma. Ukibonyeza kwa pini sekunde chache, neno la msimamizi linarudi la kuanzia bila kufuta faili. Hilo ni faraja kwa mwenye ofisi na onyo pia: anayeweza kuligusa sanduku anaweza kuliingia. Sanduku linalokaa juu ya kabati ukumbini, pembeni ya birika la chai, linalindwa na nani? Lihamie kwenye chumba chenye kufuli.

Wasomaji wasidhani kwamba kubadilisha neno la siri kunafunga yote. Kwenye printa nyingi yeyote aliye kwenye rezo bado anaweza kutuma karatasi ichapishwe, kwa sababu mlango wa kuchapishia, namba `9100`, hauulizi neno la siri. Mwezi wa pili mwaka 2017 mtu mmoja alizifanya printa zaidi ya laki moja duniani zitoe karatasi yake ya onyo kwa njia ya milango kama hiyo iliyokuwa wazi mtandaoni. Na shambulio kubwa kabisa lililowagusa watu wa aina ya waliojaa hapa Kisangani halikutokana na neno la kiwandani: Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba habari za watu zaidi ya 515,000 zilikuwa zimefikiwa na wavamizi, zikiwemo za familia zilizotenganishwa na vita na wanaotafutana. Waliingia kupitia programu iliyokuwa haijafanyiwa marekebisho yake ya usalama, wakakaa ndani kuanzia Novemba 2021 hadi walipogunduliwa.

Tofauti ni kwamba CICR iligundua na ikasema hadharani. Ofisi yenye sanduku lililo wazi kwa `guest` haitagundua, kwa kuwa mgeni aliyeingia kwa mlango ulio wazi haachi jina.

Sheria ipo. Kongo ina Kodi ya Dijitali, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, na inamdai anayekusanya habari za watu azilinde. Lakini hakuna mkaguzi atakayefika Kapalata wiki hii kufungua ukurasa wa printa. Walio na uwezo wa kudai ni wafadhili na familia. Mfadhili anaweza kuandika kwenye mkataba kwamba senti ya kwanza ya uandikishaji haitoki kabla jaribio lile la robo saa halijafanywa na kusainiwa. Leo wanadai stakabadhi za mafuta ya pikipiki kwa ukali wote, na hakuna anayeuliza neno la siri la sanduku.

Familia nazo, kupitia delege wao, wanaweza kuuliza kabla ya kuweka kadi kwenye kioo: picha hii inakwenda kwenye mashine gani, nani anaweza kuifungua, na je, neno la siri la kiwandani limebadilishwa? Hawahitaji kujua kompyuta ili kuuliza. Ajenti asiyejua jibu aseme, "Papa, sijui, ngoja nimwite mkuu." Na mkuu asiyejua aandike majina kwenye daftari siku hiyo, alifungie kwenye kabati, amtafute fundi.